Bendi moja badala ya mbili: nilivyoisoma RNA ya viwavijeshi

Viwavijeshi vamizi tuliwatoa kwenye mashamba ya mahindi upande wa Kongwa. Kila mmoja alisagwa papo hapo ndani ya kimiminika cha fenoli na guanidini, kwa sababu utumbo wa kiwavi umejaa vimeng'enya vya kumeng'enya na havingoji ufike maabara Dodoma mjini. Wakati sampuli imo kwenye guanidini hakuna cha kuogopa, maana protini zote zimekunjuka, ikiwemo RNase, kimeng'enya kinachokata RNA. Hatari inaanza baadaye, pale RNA imeshasafishwa, imeyeyushwa kwenye maji, na haina tena cha kuikinga.

Kipimo cha mwanga kilitoa uwiano wa A260/A280 wa karibu 2.0, mwenzangu akafurahi. Mimi sikuona cha kushangilia. Namba ile inakuambia protini zimetoka. RNA iliyokatwakatwa inafyonza mwanga sawasawa na nzima. Ukitaka kujua kama ni nzima, iendeshe kwenye jeli.

Jeli ikatoka na ukungu mrefu unaoshuka chini, na ndani yake bendi moja hafifu. RNA nzima huonyesha bendi mbili za RNA ya ribosomu, 28S na 18S. Ya 28S, ambayo kwa kawaida hukaa juu na kung'aa karibu mara mbili ya 18S, haikuwepo kabisa. "Kaka, hii imekufa, tumwage tu," mwenzangu akasema. Nikamwambia asubiri, kwanza tujue nani kaiua.

RNase A si mdudu wa kutishwa na otoklevu. Ukiichemsha inakunjuka, ikipoa inajikunja upya na kurudi kazini. Haihitaji madini yoyote, kwa hiyo EDTA, inayonyakua madini, nayo haiisumbui. Ndiyo maana sikuanza kwa kusugua meza. Nilichukua RNA ya ini la panya ambayo tulijua ni nzima, nikaigawa kwenye vitubu: kimoja nikakitia maji yetu, kingine bafa ya jeli, kingine rangi ya kupakilia, na kimoja kikabaki kwenye barafu bila kuongezwa kitu. Vile vingine vikakaa nyuzi 37 kwa saa moja, kisha vyote vikaenda kwenye jeli moja. Maji na bafa vilitoka safi, bendi mbili kali kama zile za barafu. Kitubu cha rangi kilitoka ukungu mtupu.

Rangi ile ilikuwa ya chupa ya pamoja, na wanaosafisha plasmidi walikuwa wakichota humo humo. Kwenye kazi yao RNase A huwekwa makusudi ili RNA ya bakteria iondoke. Tipu moja iliyogusa bafa yao inatosha kuichafua chupa nzima. Nikatengeneza rangi mpya yenye formamaidi, nikaigawa kwenye vitubu vidogo vya kutumia mara moja na kutupa. Beseni la jeli na kichana chake nikaviloweka dakika kumi kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, nikavisuuza kwa maji safi ya RNA. Glavu zinabadilishwa kila mtu anaposhika simu au kitasa, na hapo ndipo watu wengi hunung'unika.

Tukarudia viwavi. Ukungu ulitoweka, lakini bendi bado ilikuwa moja, sasa kali na inayong'aa, mahali pa 18S.

Hapo ndipo wengi humwaga sampuli nzuri. Kwa wadudu wengi, vipepeo na nondo wakiwemo, 28S imekatwa katikati tangu ndani ya seli, na vipande viwili hushikana kwa vifungo vya haidrojeni tu. Formamaidi na joto la nyuzi 70, tunavyovitumia kuikunjua RNA kabla ya jeli, vinavitenganisha, na kila kipande kina urefu unaokaribia wa 18S. Vyote vitatu vinasafiri pamoja. Nikapakia sampuli ileile kwenye njia mbili zinazopakana: moja imepashwa dakika tano kwenye formamaidi kisha ikawekwa barafuni, nyingine haikupashwa, na rangi yake haina formamaidi. Ya pili ilitoa bendi mbili. RNA ilikuwa nzima.

Tangu hapo kwa wadudu siulizi uwiano wa mbili kwa moja. Naangalia kama bendi ina kingo kali na kama chini yake ni peusi. RNase inakata ovyo, kwa hiyo huacha ukungu, si bendi moja iliyonyooka. Kukiwa na mng'ao karibu kabisa na visima, hiyo ni DNA, inatibiwa kwa DNase. Hata mashine zinazotoa RIN, alama ya uzima wa RNA, hushusha alama za wadudu kwa sababu hiyohiyo, kwani zinatafuta 28S ambayo imeshagawanyika.

Zilizofaulu tumezihifadhi ndani ya ethanoli kwenye friza, si kwenye maji. Umeme ukikatika, RNase iliyojificha humo haina maji ya kutosha ya kufanyia kazi.