Kadi sita za dagaa: kutoka "hapa kuna bibi" hadi "bibi akasinzia"

Baada ya majuma matano ya kupanga na kupangua kadi za picha ili watoto wa darasa la awali wajifunze kusimulia hadithi, leo nimepata kwao kile nilichokuwa nikikitafuta, nami nataka kukiandika kabla sijasahau kilivyotokea.

Hadithi niliyoitunga ni fupi, na kila mtoto wa huku Ilemela, mkoani Mwanza, anayeishi jirani na mwalo ameshayaona mambo yake. Bibi anaanika dagaa kwenye chanja, anakaa chini ya mwembe na kusinzia. Mawingu meusi yanapanda kutoka ziwani, mjukuu anayaona na kumwamsha, majirani wanakuja mbio, wanaanua dagaa na kuwaingiza barazani. Mvua inanyesha, inakatika, dagaa wanaanikwa tena. Kadi ni sita, nimezichora kwa markapeni kwenye karatasi za manila na kuzibandika juu ya vipande vya boksi.

Kupanga kadi hakukunisumbua kwa muda mrefu. Mwanzoni watoto waliweka kadi ya kwanza na ya sita pamoja, kwa kuwa zote mbili zilionyesha chanja na jua, nami nikatambua kwamba walikuwa wakilinganisha picha bila kufuata tukio. Niliichora upya ya sita, nikaweka madimbwi chini ya chanja na turubai lililokunjwa pembeni, na kosa hilo likapungua. Nilikosea pia kuandika namba nyuma ya kadi ili nizikusanye kwa urahisi, kwa maana kufikia siku ya tatu watoto walikuwa wakizigeuza na kupanga kwa namba. Nilizifuta zote.

Tatizo lililonikalia kooni lilikuwa jingine. Mtoto alizipanga kadi zote sita bila kosa, kisha nilipomwomba asimulie, aligusa kadi moja baada ya nyingine akisema: "Hapa kuna bibi. Hapa kuna bibi. Hapa kuna mawingu. Hapa kuna watu." Katika kundi la kwanza la watoto watano, wanne walifanya hivyo hivyo. Mpangilio ulikuwa sahihi, lakini hadithi haikuwapo, na kwa siku kadhaa niliwalaumu watoto, nikawasimulia upya mara ya tatu na ya nne, bila mabadiliko yoyote.

Kilichonifumbua macho ni kusikiliza sauti niliyoirekodi kwa simu. Nilijisikia mwenyewe nikiuliza kwenye kila kadi, "Hapa kuna nini?" Watoto walikuwa wakinijibu kwa usahihi kabisa. Swali langu lilidai orodha ya vitu, nao wakanipa orodha ya vitu. Kesho yake nilibadilisha, nikauliza, "Bibi anafanya nini?" Sasa nikapata vitendo: "Anaanika. Analala. Wanakimbia." Ilikuwa hatua mbele, lakini kila kadi ilibaki kisiwa peke yake, kama mtu anayeelezea picha za ukutani.

Ndipo nilipofikiria jinsi sisi wenyewe tunavyosimulia. Hakuna mtu anayesema "bibi anaanika, bibi analala" anapotoa hadithi. Tunasema "bibi alianika dagaa, akakaa kivulini, akasinzia." Tukio la kwanza hubeba -li-, na yanayofuata hushikana nyuma yake kwa -ka-. Nikaacha kabisa kuuliza kuhusu picha. Nilianza na "Hadithi! Hadithi!", wakaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", nikasema sentensi ya kwanza mwenyewe, "Siku moja bibi alianika dagaa," kisha nikaweka kidole katikati ya kadi ya kwanza na ya pili, kwenye nafasi tupu, nikauliza: "Ikawaje?" Mtoto yuleyule wa "hapa kuna bibi" akasema, "Akakaa, akalala." Kidole kwenye nafasi iliyo kati ya kadi kilisaidia kama swali lenyewe, kwa kuwa hakukuwa na kitu pale cha kukitaja jina.

Tangu hapo ninafuata ngazi ya msaada, nami ninaandika ni wapi mtoto alipoanza kusema. Kwanza ninanyamaza na kuhesabu moyoni hadi tano, jambo ambalo ni gumu kwa mwalimu kuliko kwa mtoto. Asiposema, ninauliza "Ikawaje?" Akikwama bado, ninampa kichwa cha sentensi: "Bibi alipoamshwa, aka..." Mwisho kabisa ndipo ninampa machaguo mawili: "Alilala tena au aliwaita majirani?" Hapo anaweza kubahatisha, kwa hiyo jibu hilo silihesabu kuwa usimulizi.

Niseme kidogo kuhusu vifaa. Kadi nilizozipeleka kutiwa plastiki ya kung'aa zilinipa hasara, kwa kuwa mwanga wa dirishani huakisi juu yake na mtoto aliyekaa pembeni haoni picha. Kadi za manila zinachafuka lakini zinaonekana. Kamba yenye vibanio vya nguo ni bora kuliko mkeka, kwa sababu watoto wakizunguka mkeka, aliyekaa upande wa pili huiona hadithi ikianzia mwisho. Kwenye kamba, wote watano hukaa upande mmoja.

Mtoto mmoja alinitia wasiwasi, kwa kuwa hata "Ikawaje?" haikumtoa neno. Mwalimu mwenzangu alimwambia asimulie kwa Kisukuma, na hadithi ikatoka yote, pamoja na mbula, yaani mvua, na majirani waliokuja mbio. Alikuwa ameielewa tangu mwanzo, ila Kiswahili chake hakikutosha kuibeba. Sasa anasimulia kwanza kwa Kisukuma, kisha tunairudia pamoja kwa Kiswahili.

Mpango wangu wa juma hili ulikuwa kuanza hadithi ya pili yenye kadi nane. Nimeuweka kando, kwa sababu juzi kadi ya tatu, ile ya mawingu, ilipotea, nami nikaweka mahali pake kipande cha manila kisicho na kitu. Mtoto anayesimulia vizuri kuliko wote, mwenye -ka- kila mahali, alifika pale akasema "akaamka" na kuendelea mbio. Nilipouliza bibi aliamka kwa nini, alinitazama tu. Niliumia, kwa maana nilikuwa nimeanza kuamini kwamba -ka- ikipatikana uelewa umepatikana. -Ka- inaniambia mtoto anajua kipi kilifuata, lakini hainiambii kama anajua kilichosababisha.

Nimeipata kadi ya mawingu chini ya kabati, lakini sijairudisha kwenye kamba. Leo nimewapitisha watoto wote watano wa kundi la kwanza kwenye kadi tupu. Wawili waliiruka, na wengine wawili walisema kwamba mvua ilinyesha, ambayo ni nusu ya jibu, kwa kuwa katika hadithi mvua ilikuwa bado. Wa tano ni binti ambaye mama yake huanika dagaa. Aliishika kadi tupu kwa vidole viwili, akanyamaza hadi hesabu yangu ya moyoni ikapita tano, kisha akasema: "Mjukuu akaona wingu jeusi. Akasema bibi amka, dagaa wataloa, watakuwa wa kuku."

Katika hadithi yangu hakuna kuku. Anajua kutoka nyumbani kwamba dagaa walionyeshewa huuzwa kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya chini, na ameitumia elimu hiyo kuziba pengo. Nimeyaandika maneno yake kwenye daftari kama alivyoyasema. Kesho kadi tupu itahamia mahali pa kadi ya tano, nami nitaanza na wale wawili walioiruka.