Mteja wangu mkubwa kuliko wote alikuwa ananila hela: nilivyokuja kujua

Mimi nasambaza juisi, biskuti na sabuni, godauni yangu iko Vingunguti, nina kenta moja na kirikuu kimoja, na kwa miaka kama minne hivi nilikuwa naamini mteja wangu bora ni supamaketi moja ya Masaki kwa sababu ananunua mzigo wa milioni 8 kwa mwezi, hakuna mangi yeyote anayemkaribia. Shida ni kwamba mauzo yalikuwa yanapanda na hela benki haionekani. Mhasibu wangu alikuwa anachukua gharama zote za usafiri anazigawa kwa mauzo, yani kila mteja anabebeshwa asilimia ileile ya alichonunua, na ukigawa hivyo kila mteja ataonekana ana faida tu, hata yule anayeliweka gari lako nusu siku.

Aliyenifungua macho ni utingo wetu. Siku moja namuuliza mbona Masaki mmerudi saa kumi, akanijibu, "Dada, pale hatushushi mzigo, pale tunakaa." Nikamwambia kuanzia kesho andika, nikampa daftari, kila kituo aandike saa waliyofika, saa waliyoondoka na kilomita zinavyosoma kwenye dashibodi, kwa wiki nne.

Wiki ya kwanza niliitupa. Kila kituo kimeandikwa dakika 10, dakika 10, dakika 10. Nilijuaje ni uongo? Nilijumlisha dakika za vituo vyote pamoja na muda wa barabarani nikapata kama 340 kwa siku, na gari linatoka asubuhi linarudi baada ya masaa 10, ambayo ni dakika 600, sasa hizo nyingine zimeenda wapi? Nikakaa na dereva na utingo, kumbe walidhani nawawinda niwakate posho. Nikawaambia sitaki kujua nani mvivu, nataka kujua mteja gani anatukalisha. Baada ya hapo daftari likaanza kusema ukweli, na mpaka leo siamini hesabu ya siku ambayo dakika zake hazifiki karibu na 600.

Gharama za kenta nikazigawa mafungu mawili tu. Fungu la kwanza ni dizeli, ambayo kwa foleni zetu ilikuja kama shilingi 500 kwa kilomita. La pili ni vyote vinavyolipwa gari litembee lisitembee, yani mshahara wa dereva na utingo, posho, bima, uchakavu, na hela ya tairi na service ambayo natenga kila mwezi hata iweje, jumla 2,340,000 kwa mwezi, gawa kwa siku 26 za kazi, gawa tena kwa dakika 600, unapata shilingi 150 kila dakika. Hiyo 150 ndo ilinibadilisha kichwa, maana sasa nikisikia gari limesimama masaa mawili naona 18,000 imeondoka. Nikaongeza 3,000 kwa kila oda, ni kazi ya kupokea simu, kutoa risiti na kupanga mzigo.

Sasa yule wa Masaki. Mzigo wa milioni 8 mimi naununua 7,200,000, kwahiyo faida ya juu juu ni 800,000, toa punguzo la asilimia 3 waliloniomba zamani, inabaki 560,000. Nilikuwa napeleka mara 12 kwa mwezi. Kila safari gari linachepuka kilomita 12 kwa ajili yake, hiyo 6,000, na lilikuwa linakaa wastani wa dakika 140, kushusha kwenyewe ni dakika 25 tu, zilizobaki ni kusubiri mtu wa kupokea mzigo, kwahiyo 21,000. Weka na ile 3,000 ya oda, kila safari 30,000, mara 12 ni 360,000. Halafu analipa baada ya siku 60, maana yake wakati wowote mzigo wa miezi miwili, kwa bei niliyonunulia, yani 14,400,000 yangu, umelala kwake, na hela ile ni ya mkopo wa benki wa asilimia moja na nusu kwa mwezi, hapo 216,000 imeenda. Malizia na mzigo unaorudishwa umeisha muda au umepasuka, kama 80,000. Jumla 656,000. Mteja wangu namba moja ananitia hasara ya 96,000 kila mwezi, na mwisho wa mwaka nilikuwa nampelekea keki.

Nilitaka kumuacha palepale, kwa hasira kabisa. Ila nikajiuliza, nikimuacha kesho ni gharama zipi zinaondoka kweli? Dizeli ya kwake 72,000, riba 216,000, marejesho 80,000, bas. Dereva bado namlipa, bima bado nalipa, dakika zile zitabaki mikononi mwangu na zina thamani endapo tu nina wateja wengine wa kuzijaza. Ningeokoa 368,000 na kupoteza 560,000. Hapa ndo naona watu wengi wanaumia, wanaona alama ya hasara wanamfukuza mteja, mwezi unaofuata hali inakuwa mbaya zaidi.

Nikaenda kuongea na meneja wao na daftari mkononi, nikamwonyesha saa za kufika na kuondoka. Kusema kweli alishangaa, hakuwa anajua. Tukakubaliana mara moja kwa wiki, gari lifike saa moja asubuhi kabla magari ya wengine hayajajazana pale nyuma. Siku 30 za malipo alikataa katakata, akakubali 45. Sasa safari ni 4, kila moja kama dakika 75, zote zinakuja 81,000, riba imeshuka hadi 162,000, marejesho yamepanda hadi 110,000 kwa sababu wanaweka mzigo mwingi kwa mpigo na juisi nyingine inapitwa na tarehe stoo. Inabaki 207,000 kwa mwezi, mzigo uleule.

Hesabu hiyohiyo nikaipeleka Mbagala, ambako nilidhani maduka madogo ndo mzigo. Jumatano tunapita maduka 22, kila moja linachukua kama 120,000, wanalipa kesh, kituo ni dakika 8. Ukiigawa safari ya kwenda na kurudi kwa wote 22, kila duka linaniachia kama 6,000 baada ya kila kitu. Ila mangi huyohuyo akipiga simu Jumamosi, "dada nimeishiwa, niletee ya elfu 30", faida yangu ni 3,000, na kupeleka gari peke yake Mbagala na kurudi ni 33,000. Mteja ni yuleyule, siku ndo tofauti. Nikaweka utaratibu, oda ya chini 100,000 na siku ya njia yako tu, ukiwa na haraka tuma bodaboda godauni kwa hela yako. Maduka mawili yakahama, mengine yakazoea kuagiza kabla hayajaishiwa.

Kilichonisumbua zaidi ni mtu wangu wa mauzo, maana kamisheni yake ilikuwa ya mauzo tu, kwahiyo kila simu ya Jumamosi alikuwa anaikubali na sikuweza kumlaumu, nilikuwa namlipa afanye hivyo. Sasa oda ya nje ya siku ya njia haina kamisheni kabisa. Alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu nikamsikia kwenye simu anamwambia mangi, "kaka, agiza leo Jumanne, kesho gari liko kwako."