Maneno yaliyomezwa na mgongo wa jalada

Nakala ya kwanza ya tasnifu yangu niliichukua kwa fundi hapa Dar es Salaam ikiwa na jalada gumu la bluu na herufi za dhahabu. Nikaifungua katikati, ukurasa wa 86, moyo ukanilipuka. Mwisho wa kila mstari ulikuwa umezama kwenye mgongo. Ilibidi nikandamize kurasa kwa viganja viwili ndipo nisome.

Kosa lilitokana na ushauri niliopewa na watu watatu kwa nyakati tofauti: "Weka kushoto sentimita nne, kulia mbili na nusu, umemaliza." Hiyo ni ya kuchapa upande mmoja. Ukichapa pande mbili, ukurasa wa namba witiri, yaani 1, 3, 5, unakaa mkono wa kulia na mgongo uko kushoto kwake. Geuza karatasi: ukurasa wa 2 unakaa kushoto, na mgongo sasa uko kulia kwake. Kwa hiyo nusu ya kurasa zangu zilipeleka sentimita nne nje, mahali pasipo na kazi, na mgongo ukaachiwa mbili na nusu. Fundi anashona ubavuni, kama sentimita moja kutoka ukingoni. Inabaki moja na nusu, na karatasi zaidi ya mia zilizoshonwa hivyo hazilali bapa. Hicho kilichobaki kinajipinda kuelekea ndani.

Kwenye Word nilikwenda `Layout > Margins > Custom Margins`, penye `Multiple pages` nikachagua `Mirror margins`. Hapo `Left` na `Right` hugeuka kuwa `Inside` na `Outside`. `Gutter` ni nafasi ya jalada, nayo hujumlishwa juu ya `Inside`. Mimi niliweka `Inside` 4 na `Gutter` 1.5, nikajikuta na pambizo la ndani la sentimita 5.5 na kurasa zimeongezeka kibao. Hesabu sahihi ilikuwa `Inside` 2.5, `Gutter` 1.5, `Outside` 2.5. Upana wa maandishi ukabaki 14.5 kama mwanzo, mistari haikuhama hata mmoja.

Hata hivyo sura ya nne ilibaki na pambizo la zamani, na nilihangaika nayo jioni nzima. Sababu ilikuwa chini ya kidirisha hichohicho, penye `Apply to`. Faili ikishagawanywa katika sehemu, Word hubadilisha sehemu ulipo tu. Chagua `Whole document`.

Sura kuanzia ukurasa wa kulia ndiko nilikopoteza muda zaidi. Nilikuwa nabonyeza Enter mpaka ukurasa mtupu unapatikana. Msimamizi akasema nifute aya mbili za sura ya pili, na kuanzia hapo kila sura ikaangukia upande wa kushoto. Niliziondoa Enter zote, na kabla ya kila kichwa cha sura nikaweka `Layout > Breaks > Odd Page`. Sura ikiisha ukurasa wa 41, inayofuata inaanza 43. Ukurasa wa 42 huuoni unapoandika, namba zinaruka tu, lakini kwenye uchapaji upo, mtupu. Rafiki yangu aliona namba zimeruka akazisahihisha kwa mkono, akaharibu kila kitu. Ziache.

Ninachojivunia ni nilivyokagua kabla ya kulipa tena. Nilihifadhi faili kama PDF, nikaifungua kwa Adobe Reader, nikachagua `Two Page View` pamoja na `Show Cover Page in Two Page View`. Ukurasa wa kwanza unakaa peke yake kulia, na zinazofuata zinapangika jozi jozi kama kitabu kilichofunguliwa. Usipowasha hilo la pili, pande zinabadilishana nawe unasahihisha kisicho na kosa. Nilipita kurasa zote nikiangalia mambo mawili tu: nafasi pana mbili zikutane katikati, na kila kichwa cha sura kiwe kulia. Ukurasa mtupu wa 42 nao niliuona hapo.

Steshenari nilipeleka PDF, si faili ya Word, na nikasimama pembeni ya kijana aliyekuwa kwenye kompyuta. "Mdogo wangu, usibane saizi, weka `Actual size`. Na igeuke kwa upande mrefu, `Flip on long edge`." Kwanza tulichapa karatasi nne, nikazibana kwa kibanio sentimita moja kutoka ukingoni, mahali pa uzi, nikazifunua. Mstari wote ulisomeka. Ndipo nikamwambia achape zote.

Gharama ya pili ilikuwa elfu ishirini na kitu kwa nakala, jalada ndani yake. Ukurasa wa 86 nimeufungua mara nyingi tangu siku hiyo, kwa mkono mmoja.