Kumbukumbu ya mradi: hatimaye PKA imekubali kulala

Jana usiku, joto la Kisauni likiwa halikaliki na feni ya laptopu ikilia kuliko ya darini, mstari wa PKA, kimeng'enya kinachofanya msuli ulegee, ulishuka kwenye grafu ukabaki chini. Sikuwa nimeweka salbutamoli, dawa ya inhela, hata tone. Ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo, na ndivyo ilivyokuwa ikinikatalia.

Kwa waliokosa maingizo ya nyuma: naiga kwenye Python seli moja ya msuli wa njia ya hewa, kwa sababu kutwa nzima dukani nauza inhela na nimechoka kusema tu "inafungua kifua". Salbutamoli inashika kipokezi cha beta-2, kipokezi kinaifanya protini ya Gs iachie GDP na kuchukua GTP, alfa ya Gs inawasha adenilil saiklesi, ATP inageuzwa cAMP, cAMP inaamsha PKA, msuli unalegea. Sehemu ya juu haikunisumbua. Gs inajizima yenyewe kwa kuvunja GTP, kwa kasi ya mara tatu au nne hivi kwa dakika, na grafu ilifuata bila ubishi.

Ubishi ulikuwa chini. Kwenye mirija ya maabara, PKA hufika nusu ya nguvu yake kwenye cAMP ya takriban mikromola 0.1. Lakini seli iliyotulia, isiyoguswa na dawa yoyote, ina cAMP ya karibu mikromola 1. Nambari zote mbili zimepimwa na watu makini. Ukiziweka pamoja, PKA inakuwa macho kwa asilimia 98 kabla mgonjwa hajabonyeza inhela. Sasa dawa iamshe nini? Nilibadilisha vipimo, nikakagua yuniti, nikaongeza vimeng'enya vya kuvunja cAMP hadi seli ikabaki kavu. PKA ililala, ndiyo, lakini na salbutamoli nayo ikashindwa kuiamsha.

Kilichofungua njia ni swali la cAMP *ipi* inapimwa. Ukisaga seli unapata cAMP yote, pamoja na ile iliyokwisha kushikwa. PKA iliyolala ni C mbili, sehemu zinazofanya kazi, zilizofungwa na R mbili, sehemu zinazozizuia, na kila R ina mifuko miwili ya cAMP. Seli ina R za kutosha kumeza cAMP nyingi. Ni kama matatu ya Bamburi: hakuna anayesimama mpaka viti vijae. Kikundi cha Berlin kilionyesha mwaka 2020 kwamba katika seli tulivu cAMP nyingi imeshikwa na haisambai kwa uhuru. Miaka mitatu kabla, watafiti wa Oxford walikuwa wamekuta kwamba ndani ya seli PKA inahitaji cAMP nyingi zaidi kuliko kwenye mrija.

Basi nikaongeza mifuko, B, mikromola 3 (hiyo nimeichagua mimi, ibadilisheni):

```python
B, Kd, Ka, n = 3.0, 0.1, 0.1, 1.6
def huru(T):
    b = Kd + B - T
    return (-b + (b*b + 4*Kd*T)**0.5) / 2
def pka(c):
    return 1 / (1 + (Ka/c)**n)
```

`huru(1.0)` inatoa 0.047, na PKA asilimia 23. Imelala, ingawa inakoroma. Kisha salbutamoli inapandisha jumla hadi 3: `huru(3.0)` inatoa 0.5, PKA asilimia 93. Angalieni hapo: jumla imepanda mara tatu, iliyo huru imepanda zaidi ya mara kumi. Viti vikishajaa, kila cAMP mpya inasimama njiani. Nilicheka peke yangu.

Kasoro ipo. R zinazomeza ndizo hizo hizo zinazoachia C, na mimi nimezihesabu kama vitu viwili. Kwa uaminifu zaidi ingebidi niandike mifuko miwili ya kila R kwa zamu: ule uitwao B, si B ya msimbo wangu, ukishikwa kwanza, kisha A, ndipo C iachiwe.

Mkitaka kuiendesha kwa wakati, msitumie `solve_ivp` kwa mpangilio wake wa kawaida. Kushikana kwa cAMP ni kwa haraka mno kulinganisha na Gs, na RK45 inatembea hatua za konokono. Wekeni `method="BDF"` mle chakula cha usiku kwa wakati. Na wanaofanya haya kwenye lahajedwali, sijui mnapata wapi subira.

Niliahidi kwamba hatua inayofuata ni kipokezi kuchoka, yaani GRK na arestini, protini zinazokinyamazisha. Isubiri. PDE4 inavunja cAMP, na PKA yenyewe huweka fosfati kwenye aina ndefu za PDE4 zikaongeza kasi. Nimeshaandika mlinganyo wake wa kwanza, na mstari wa cAMP unapanda, unageuka, unashuka salbutamoli ikiwa bado ipo. Usiku wa leo naweka PDE4 nanomita chache tu kutoka kwa PKA nione asilimia 23 itafika wapi.