Yule Mzee Mliyenena Habari Zake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii mdogo wangu amelazwa, na wiki nzima nimekuwa nikijibu "nzuri." Habari za nyumbani? Nzuri. Familia hawajambo? Hawajambo, tunamshukuru Mungu. Sikuwa nadanganya. Kwetu salamu hujibiwa kwa wema kwanza, kisha ndipo mtu aseme "ila" kama aliyemsalimu bado amesimama. Wengi hawakusimama. Mama mmoja wa jumuiya yetu ndiye aliyemtaja mdogo wangu kwa jina lake la utotoni, akauliza kama homa ya usiku imepungua. Hapo "nzuri" haikutoka.

Nikarudi kwa yule mama wa Shunemu, 2 Wafalme 4. Mtoto alilia kichwa akiwa shambani na baba yake, akaletwa kwa mama, akakaa magotini pake hata adhuhuri, akafa. Mama akapanda punda kwenda Karmeli. Elisha akamwona kwa mbali, akamtuma Gehazi amkimbilie na maswali matatu: wewe hujambo, mumeo hajambo, mtoto hajambo? Ni salamu yetu kabisa, hakuna aliyesahauliwa. Akajibu kwamba hawajambo. Mtoto amelala maiti kitandani kwa nabii! Kweli, alikuwa akimtafuta Elisha mwenyewe, simlaumu Gehazi. Lakini Elisha alimjua mtoto yule tangu hajatungwa mimba, na ni miguu ya Elisha ambayo mama aliishika, uchungu ukamwagika.

Sasa tazameni Yusufu, maana hapa ndipo nilipokaa wiki hii. Safari ya kwanza ndugu zake walipofika Misri kununua nafaka, walimtajia baba yao na mdogo wao aliyebaki Kanaani. Nafaka ikaisha, wakarudi. Yusufu alikuwa na nchi nzima ya kulisha, na watu wa kila namna wanaingia na kutoka kwake. Lakini katika Mwanzo 43:27, baada ya kuwauliza hali zao, anauliza habari za baba yao, yule mzee waliyenena habari zake: hajambo, angali hai bado? Yaani swali lake la leo amelijenga juu ya jibu lao la safari iliyopita. Wala hakutaja jina Yakobo. Mzee wa mtu hatajwi hivyo hivyo, hata sisi tunasema Mama fulani, Bibi, Mzee. Hata hivyo wale ndugu walijua anayeulizwa ni nani, na kwamba maneno yao hayakuanguka chini.

Jibu walimpa: hajambo, yu hai. Lakini sura ya 45, siku aliposhindwa kujizuia akawatoa watu wote nje, neno lake la kwanza baada ya kujitambulisha ni lile lile swali, sasa akisema "baba yangu." Alishajibiwa! Mbona anauliza tena? Kwa sababu mara ya kwanza walimjibu mkuu wa Misri, tena wameinama. Alitaka kusikia jibu wanalopewa watu wa nyumbani.

Wapendwa, na hapa niseme na sisi wazee wa kanisa, mimi nikiwamo katika safu hiyo mlangoni baada ya ibada. Tunauliza "mama hajambo?" huku mkono umeshapokea mkono wa anayefuata. Jumapili iliyopita huyo ndugu aliomba maombi kwa ajili ya mama yake mbele yetu, akasema anapelekwa kupimwa figo. Basi swali ni "Bibi alipimwa? Wamesema nini?" Ukisahau, andika kwenye daftari la jumuiya, jina na ombi lake, hakuna aibu katika kuandika. Na tuache ile tabia ya kumtaja mgonjwa wa mtu kwa jina, sentensi mbili, kisha "sasa ndugu yangu, nilikuwa na shida kidogo ya fedha." Watu wanajua. Wiki ijayo watakujibu "hajambo" na kufunga mlango.

Kuna pia jina lisilotajwa mbele za watu: binti aliyerudi nyumbani na mimba, kijana aliye rumande. Huyo muulizie ukiwa na mzazi wake peke yenu, njiani mkirudi. Pia kuna nyumba, hasa kwa ndugu zetu wa pwani, ambako mwanamume kumtaja mke wa mwenzake kwa jina ni utovu wa adabu. "Watu wa nyumbani" inatosha, mkeo atamuulizia vizuri zaidi. Na kama umekaa muda mrefu bila habari za mzee, usianze na "Babu anaendeleaje na mguu?" Uliza kwanza kwa jirani. Yusufu naye hakudhani. Aliuliza kama angali hai.