Nilivyopima waya wa milimita 0.05 kwa kabari ya hewa

Mikromita ya kawaida husoma hadi milimita 0.01. Waya wenye kipenyo cha 0.05 hivi utapata migawanyo mitano tu, na ukikosea mmoja, umekosea asilimia 20. Wangu ulikuwa wa shaba laini, umetolewa kwenye koili ya spika ndogo ya sikioni, na mikromita huuminya pia. Nikatumia mwanga.

Slaidi mbili za kioo nilizisafisha kwa spiriti, nikazilaza moja juu ya nyingine. Upande mmoja zilibanwa kwa mpira zikagusana. Upande wa pili niliingiza kipande cha waya kilichonyooka, sambamba na ukingo wa mgusano. Hewa iliyobaki katikati ndiyo kabari. Chini yake niliweka karatasi nyeusi. Juu, kioo kilichoinamishwa digrii 45 kiliutupa mwanga wa taa ya sodiamu wima juu ya slaidi, na hadubini ya kusogea ikatazama kupitia kioo hichohicho. Taa iache kwanza hadi wekundu wake wa mwanzo ugeuke manjano kamili.

Mwanga uliorudi kutoka uso wa juu wa kabari hukutana na uliorudi kutoka uso wa chini. Kila unene wa hewa unapoongezeka kwa nusu ya urefu wa wimbi, hutokea mstari mweusi mwingine. Kwa hiyo:

d = λL / 2β

d ni kipenyo cha waya, λ ni urefu wa wimbi la mwanga, L ni umbali kutoka ukingo wa mgusano hadi waya, β ni nafasi kati ya mistari miwili myeusi inayofuatana.

Nilisoma kila baada ya mistari mitano, nikizungusha skrubu upande mmoja tu. Ukiirudisha nyuma, huzunguka kidogo bure kabla hadubini haijasogea. Mistari 20 ilichukua milimita 4.95, yaani β = 0.2475. L ilikuwa milimita 42.0, na λ ya sodiamu ni 0.0005893:

d = 0.0005893 × 42.0 / (2 × 0.2475) = 0.0500 mm

Hapo vanishi ya waya imo.

Wengi huhangaikia mistari, kumbe udhaifu uko kwenye L. Kukosea nusu milimita ni zaidi ya asilimia 1, wakati kosa la mistari 20 halifiki nusu ya hapo. Kibaya zaidi ni vumbi kwenye mgusano: slaidi ya juu huinuka, pembe hupungua, mistari hupanuka, na d hutoka ndogo kuliko ukweli. Dalili yake ni kwamba ukingoni hapaonekani mstari mweusi unaoufuata ukingo wote. Mistari ikikaa mshazari, waya hauko sambamba. Na kama nafasi zake zinabadilika kadiri unavyosogea, mpira umekaza mno na kioo kimepinda. Legeza, usome upya.