Mkataba uliokuwepo bila kusomwa: magunia ya karatasi na bei tuliyokubaliana

Ninasimamia ununuzi katika ghala la kuchanganya na kufungasha majani ya chai huko Shimanzi, Mombasa. Bidhaa tunayoinunua mara nyingi kuliko zote ni magunia ya karatasi, na kwa miaka kadhaa tulikuwa tukiitisha bei upya kila tulipoyahitaji. Mwaka jana tulikubaliana na muuzaji mmoja juu ya magunia 120,000 kwa miezi 12, kila moja kwa shilingi 92, nasi tutayachukua kidogo kidogo kadiri kazi itakavyodai. Katika SAP, mfumo wa kompyuta tunaoutumia kwa ununuzi, niliuingiza mkataba huo kwa amri ya ME31K, aina ya MK, ambayo hupima makubaliano kwa idadi. Aina ya WK ingeyapima kwa jumla ya fedha, nayo hufaa zaidi pale bidhaa zinapokuwa nyingi na mchanganyiko wake haujulikani mapema.

Niliamini kwamba kazi imekwisha. Mwishoni mwa Mei muuzaji alileta taarifa yake ikionyesha kuwa tumekwisha kuagiza magunia 52,000, ilhali nilipoufungua mkataba kwa ME33K na kutazama orodha ya maagizo yaliyotolewa chini yake, nilikuta 31,000 tu. Nikaitoa kwa ME2M orodha ya maagizo yote ya bidhaa ile, na hapo matatu yakajitokeza, kila moja la magunia 7,000, ambayo nafasi yake ya namba ya mkataba, yaani "Outline Agreement", ilikuwa tupu. Bei yake ilikuwa shilingi 97.

Kijana aliyeyaandika alinieleza kwa uaminifu: "Bosi, muuzaji ni yule yule na bidhaa ni ile ile, nikadhani mfumo utajua wenyewe kwamba tuna mkataba." Sikumlaumu, kwa sababu dhana hiyo ndiyo niliyokuwa nayo mimi pia. Agizo lililoandikwa moja kwa moja, bila kurejelea mkataba, lilichukua bei kutoka kwenye rekodi ya zamani ya bidhaa na muuzaji, ambako bei ya mwaka uliotangulia ilikuwa bado hai, wala halikupunguza chochote katika idadi ya mkataba. Hasara ya aina hii haionekani upesi, kwa kuwa mzigo hufika, ankara hulingana na agizo, na malipo hupita bila kizuizi.

Agizo la tatu lilikuwa bado halijapokelewa, basi nilikifuta kipengele chake na kuliandika upya chini ya mkataba. Mawili ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kulipwa, hivyo tulimwomba muuzaji hati ya kurejesha tofauti ya shilingi 5 kwa magunia 14,000, yaani shilingi 70,000, naye akaitoa. Lakini magunia hayo 14,000 yalibaki nje ya hesabu ya mkataba, na kama ningeyaacha hivyo mfumo ungeturuhusu kuagiza kupita tulichokubaliana. Nilishusha idadi lengwa kutoka 120,000 hadi 106,000. Baada ya kutoa 38,000 yaliyosomeka, yaani yale 31,000 pamoja na 7,000 ya agizo lililoandikwa upya, salio likawa 68,000, sawasawa na salio la muuzaji.

Ili jambo hilo lisijirudie, nilimwandika muuzaji katika orodha ya vyanzo kwa ME01, pamoja na namba ya mkataba, kipengele chake na tarehe za mwanzo na mwisho, kisha nikaweka alama ya "Source List" kwenye taarifa za ununuzi za bidhaa. Tangu hapo stoo huanza na ombi la ununuzi, na ombi hilo hupata chanzo chake mkatabani kabla ya kugeuzwa kuwa agizo. Kila Ijumaa mimi hutazama tena ile orodha ya ME2M nikitafuta nafasi tupu, ili hali ya zamani isirudi kimyakimya.

Mwezi Julai bei ilipanda kwa makubaliano hadi shilingi 95. Sikuifuta 92, niliongeza kipindi kipya cha bei kinachoanza tarehe 1 Julai, ili historia ibaki. Hata hivyo agizo la tarehe 25 Juni lilifikishwa tarehe 6 Julai, na muuzaji akaandika ankara kwa 95. Mfumo uliizuia ankara hiyo, kwa sababu kwetu bei hupimwa kwa tarehe ya agizo, si ya kupokea mzigo. Barua yetu ya makubaliano haikuwa imesema lolote juu ya hilo, na kwa maoni yangu huo ndio upungufu mkubwa kuliko ule wa mfumo. Tulizungumza, akairekebisha ankara kuwa 92, nasi tukaongeza sentensi moja kwenye barua inayotaja kwamba bei hufuata tarehe ya agizo.